Mayai Mawili na Figo Moja: Safari ya Oda katika Jiko la Escoffier

Likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni niliipitisha nikiwa komi katika jiko la hoteli moja hapa Bujumbura. Komi ni msaidizi wa mpishi, na chini yake hubaki mwanagenzi na mwosha vyombo tu. Siku ya tatu, usiku watu wakiwa wengi, mhudumu mmoja alinijia moja kwa moja akaniambia, “Kaka, nipe chipsi za meza ya 9, mgeni ana haraka.” Nikampa. Dakika kumi baadaye sangala wa meza ile ile alitoka kwenye jiko la kuchomea, akafika kwenye meza ya kupitishia vyakula, na chipsi zake hazikuwepo. Nilipomaliza kukaanga nyingine, samaki alikuwa amekauka chini ya taa ya kupashia moto. Mpishi mkuu alimtazama samaki, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza ni nani aliyekosea. Aliuliza, “Nani aliita?” Nikajibu kwamba ni mhudumu. Akasema, “Kijana, mhudumu haiti. Mhudumu anaandika.”

Nilitukanwa kidogo, nikasamehewa, lakini swali lile lilinifuata mpaka maktaba. Katika insha hii ninataka kueleza lilikotoka. Wengi wetu tumeelezwa kwamba jiko la hoteli kubwa limepangwa kama jeshi: kuna jenerali, maofisa na askari, na amri hushuka kutoka juu hadi chini. Kwa maoni yangu maelezo hayo ni nusu ya habari. Vyeo vilikuwepo jikoni zamani sana. Kilichokuwa kipya ni njia ambayo oda hupita, na njia hiyo kwa sehemu kubwa haishuki bali huenda kando, kutoka kwa mpishi hadi mpishi mwenzake wa ngazi ile ile.

Mtu anayetajwa hapa ni Auguste Escoffier, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Villeneuve-Loubet. Alianza kazi akiwa na miaka 13 katika mgahawa wa mjomba wake mjini Nice. Mwaka 1870, vita vya Ufaransa na Prusia vilipoanza, alichukuliwa kuwa mpishi wa jeshi, akazingirwa pamoja na jeshi hilo mjini Metz. Hapo ndipo hadithi ya jeshi inapopata nguvu, na hata neno brigedi lenyewe linaisaidia. Hata hivyo, jiko lililompa jina lilikuwa la Hoteli ya Savoy mjini London. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1889, naye akafika mwaka 1890 pamoja na meneja César Ritz.

Ili kuelewa alichokibadilisha, ni lazima kwanza kuangalia upande wa wageni. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika karamu kubwa za Kifaransa vyakula vingi viliwekwa mezani kwa pamoja, na mgeni alikula kilichokuwa karibu naye. Chakula kilipoa, lakini desturi ilikuwa hiyo. Kadiri karne ilivyosonga, ulienea mtindo wa Kirusi: sahani moja baada ya nyingine, kila mgeni akiletewa yake ikiwa moto. Kisha ikaja hoteli kubwa, ambamo watu wa meza tofauti huingia saa tofauti na kuagiza vitu tofauti. Sasa jiko halikuandaa karamu moja tena. Liliandaa karamu ndogo ndogo nyingi kwa wakati mmoja, na kila moja ilitaka kufika ikiwa moto.

Jiko la zamani halikuweza. Lilikuwa na vitengo, lakini kila kitengo kilifanya kazi kama duka linalojitegemea. Mpishi aliyepewa sahani aliibeba tangu mwanzo hadi mwisho, akitengeneza hata sosi ambayo mwenzake hatua tatu kutoka kwake alikuwa akiitengeneza pia. Kazi moja ilifanywa mara mbili, na mhudumu akasubiri.

Mfano unaotolewa mara nyingi, nami sijaona ulio bora kuushinda, ni mayai ya Meyerbeer, sahani iliyopewa jina la mtunzi wa opera. Ni mayai mawili yaliyopikwa kwa siagi katika sahani yake ndogo, figo ya mwanakondoo iliyochomwa, na sosi ya kahawia yenye trufe, yaani ule uyoga wa bei kubwa unaochimbwa ardhini. Kwa mpishi mmoja, kazi hii ilichukua kama dakika 15. Escoffier aliigawa. Mpishi wa mboga na mayai alipika mayai. Mpishi wa nyama za kuoka na kuchoma alichoma figo. Mpishi wa sosi alitoa sosi. Sahani ikaunganishwa na kutoka kwa dakika chache tu.

Kwa maandishi hilo linaonekana rahisi, lakini mtu aliyewahi kusimama jikoni atauliza: nani anaanza? Figo iliyopasuliwa na kutungwa kwenye kijiti huhitaji dakika tano au sita juu ya moto. Mayai yanahitaji mbili au tatu. Sosi haihitaji hata moja, kwa sababu iko tayari ndani ya chombo kilichokalishwa katika maji ya moto. Mchuzi wake wa mifupa ulichemshwa kwa saa nyingi kabla mgeni hajaamka. Wote watatu wakianza kwa pamoja, mayai yatamaliza mapema na kuisubiri figo huku joto la sahani likiendelea kuyapika. Kosa hilo huonekana kwa jicho: kiini kinapoteza mng’ao, kinafunikwa na utando mweupe, na ukikigusa kwa kisu hakitiririki. Wakichelewa kuanza mayai, figo ndiyo inayosubiri, inakuwa ngumu kama mpira na kuachia maji mekundu kwenye sosi.

Kwa hiyo mpishi wa nyama anatangulia. Figo ameipokea ikiwa imemenywa na kupasuliwa tayari na kitengo cha vyakula baridi, ambacho ndicho pia kinachotunza ghala la nyama na kuwagawia wengine wote. Anapoigeuza upande wa pili, anamwambia mwenzake wa mayai, naye anatia siagi kwenye sahani. Mpishi mkuu hajasema neno. Naibu wake pia hajasema. Maneno yamepita kati ya watu wawili wa cheo kimoja, na kama mmoja wao ni mwenye kiburi asiyependa kuambiwa na mwenzake, sahani imeharibika tayari.

Lakini mtu fulani lazima aanzishe mwendo huo, naye ndiye huyo “aliyeita” katika swali la mpishi wangu mkuu. Wafaransa walimwita abwayeri, maana yake mwenye kubweka. (Sisi tunaojua Kiswahili tunaweza kucheka hapa, kwa sababu abwayeri ni “abwekaye” kabisa, ingawa maneno hayo hayana undugu.) Mimi nitamwita mnadi. Huyu husimama kwenye meza ya kupitishia, kati ya wahudumu na wapishi. Mhudumu huandika oda kwa nakala tatu: moja inakwenda jikoni, moja kwa keshia, na moja anabaki nayo mwenyewe. Mnadi huisoma ile ya jikoni kwa sauti, na kila kitengo kinachohusika hujibu kuwa kimesikia. Kujibu ni sehemu ya kazi. Oda isiyojibiwa huhesabiwa kuwa haijafika.

Tena mnadi huita mara mbili. Mara ya kwanza anatangaza, ili kila kitengo kijue kinachokuja na kiweke vitu karibu. Mara ya pili anadai, yaani anasema sasa, wageni wamemaliza supu, samaki atoke. Kati ya miito hiyo miwili panaweza kupita dakika tano au nusu saa, na ni yeye peke yake anayejua, kwa sababu wahudumu wanamletea habari za mezani. Mpishi wa kitengo haoni ukumbi. Anapika gizani, kwa kuiamini sauti moja. Ndiyo maana chipsi zangu za meza ya 9 zilikuwa kosa kubwa kuliko zilivyoonekana kwangu. Nilikuwa nimepokea wito wa pili kutoka kwa mtu asiyejua samaki yuko wapi.

Escoffier alichukia makelele. Alikataza matusi na pombe jikoni, akawawekea wapishi kinywaji cha shayiri cha kupoza joto, na cheo cha mwenye kubweka akakibadilisha jina kuwa mtangazaji, akamtaka aseme kwa sauti ya kawaida. Wengi huieleza hatua hii kama upole wa tabia. Sikatai, lakini naona pia sababu ya kikazi: mahali ambapo oda husafiri kwa masikio, kila tusi ni kelele inayofunika oda. Sheria hiyo haikuenea kila mahali. George Orwell, aliyeosha vyombo katika hoteli ya Paris na kuandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1933, anatuonyesha jiko lenye vyeo vilevile ambamo watu hupigiana kelele.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya mapishi hulipita haraka. Nakala tatu za karatasi zilimbana mhudumu asitoe chakula bila keshia kujua, na zilimbana mpishi asipike bila kuitwa. Zilichunga walio chini na walio kando. Juu hapakuwa na nakala. Mwaka 1898 Escoffier na Ritz walifukuzwa Savoy, na mwaka 1900 Escoffier alikiri kwa maandishi kwamba alikuwa akipokea kamisheni kutoka kwa wauzaji walioliletea jiko vyakula. Kukiri huko kulibaki siri hadi miaka ya 1980. Oda ya mayai mawili ilikuwa na mashahidi watatu wa karatasi, lakini oda ya shehena ya mayai ilitegemea neno la mtu mmoja. Silisemi hili ili kumshusha. Kitabu chake cha mwaka 1903 bado kinafundishwa. Nalisema kwa sababu tunapousifu mpangilio wake tunapaswa kuona ulipoishia.

Katika hoteli niliyofanya kazi, oda sasa huandikwa kwenye simu ya mhudumu na kutoka jikoni kwenye mashine ndogo ya kuchapa. Kila kitengo kina mashine yake, kwa hiyo mtu angedhani mnadi hana kazi tena. Wiki yangu ya mwisho niliwekwa kwenye mayai na mboga. Karatasi ikatoka mbele yangu: kimanda, meza ya 4. Nilishika mayai, nikakumbuka, nikayarudisha. Mzee aliyesimama kwenye meza ya kupitishia alikuwa ameishika nakala yake lakini bado anatazama mlango wa ukumbi. Zilipita kama dakika nane. Kisha akasema, bila kupaza sauti, “Meza ya 4, toeni.” Nikajibu nimesikia, na mwenzangu wa nyama akanijibu kutoka upande wa pili, “Dakika mbili, komi.” Nikasubiri ya kwanza ipite, ndipo nikavunja mayai.