PS5 kwa malipo ya pole pole: Jumla yake ni ngapi?

Bango liko nje ya duka la elektroniki Nairobi: "PS5, Sh385 tu kwa siku." Hela ya chakula cha mchana, si ndiyo? Shida ni kwamba bei ya siku moja haikuambii utalipa siku ngapi, wala umetoa nini kabla ya kubeba mashine. Kwa hiyo ukiingia ndani, uliza mambo manne: malipo ya kwanza ni ngapi, kila mwezi ni ngapi, miezi mingapi, na ada nyingine ni zipi.

Tuchukue mfano. Bei ya keshi dukani humo ni Sh75,000. Malipo ya kwanza ni Sh22,500, halafu Sh11,500 kila mwezi kwa miezi sita, na ada ya kuandaa mkataba Sh1,500. Sita mara 11,500 ni 69,000. Ongeza 22,500 na 1,500, unapata Sh93,000.

Wengi watasimama hapo na kusema nyongeza ni Sh18,000. Bado. Toka nje, uliza maduka mengine mawili matatu bei ya keshi ya mashine ile ile: muundo ule ule, wenye mlango wa diski au usio nao, na pedi idadi ile ile. Maduka ya mkopo mara nyingi huipandisha hata bei yao ya keshi, ndiyo maana nyongeza inaonekana ndogo. Tuseme jirani anaiuza Sh68,000. Hapo gharama halisi ya mkopo ni Sh25,000.

Sasa angalia umekopeshwa nini hasa. Ukiondoa Sh22,500 zako kwenye 68,000, duka limekubeba kwa Sh45,500 tu. Kwa hizo unarudisha Sh70,500 ndani ya nusu mwaka. Na deni linapungua kila mwezi, kwa hiyo hata hizo 45,500 hukukaa nazo miezi yote sita. Muuzaji akikwambia "riba ni kidogo tu", mwonyeshe namba hizo mbili.

Kuna njia nyingine inayoitwa pia lipa pole pole, na watu huzichanganya. Hii duka linakuwekea mashine, unalipa kidogo kidogo, unaichukua ukimaliza. Kwa kawaida haina riba, lakini si bure. Uliza kama bei imefungwa leo au utalipa bei ya siku ya kuchukua. Uliza pia ukikwama katikati itakuwaje: kuna maduka yanayokata asilimia fulani, na mengine hayarudishi pesa, yanakupa tu ruhusa ya kuchukua bidhaa nyingine. Kwa bei ya Sh75,000, makato ya asilimia 10 ni Sh7,500. Na duka likifungwa kabla hujamaliza, umebaki na risiti.

Linganisha na kujiwekea mwenyewe. Una Sh22,500 leo, na umeshakubali kutoa 11,500 kila mwezi. Ziweke mahali ambapo huwezi kuzigusa kirahisi, kwa mfano akiba iliyofungwa ya M-Shwari au chama chenu. Baada ya miezi minne una Sh68,500. Unamlipa jirani keshi, unabaki na 500. Yaani ile Sh25,000 ilikuwa bei ya kucheza miezi minne mapema. Kuna mtu inamfaa, kwa mfano mwenye kibanda cha gemu ambaye mashine itamwingizia hela kila siku. Wa nyumbani, sidhani.

Ukiamua kuchukua kwa awamu, ujue mashine si yako mpaka umalize kulipa. Sheria ya Kenya ya ununuzi kwa awamu, Sura ya 507, inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, duka haliwezi kuja kuichukua hivi hivi, lazima liende kortini. Kwa mfano wetu theluthi mbili ni Sh62,000. Baada ya mwezi wa tatu umelipa 57,000 pamoja na malipo ya kwanza, bado hujafika. Mwezi wa nne ndio unavuka. Kwa hiyo mwezi wa pili na wa tatu ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu ukishindwa hapo unaweza kupoteza mashine na hela pia.

Kabla ya kusaini, tafuta kwenye mkataba faini ya kuchelewa, kisha uliza ukimaliza deni mapema utapunguziwa ngapi. Akikujibu kwa mdomo, mwombe aandike. Na kila ukilipa kwa M-Pesa, usifute ujumbe wa muamala mpaka upewe barua ya kumaliza deni.