Mwenye Shamba na Mchuuzi wa Mashamba

Wiki hii tutazame jambo linalowachanganya wengi wanaouza ardhi. Watu wawili wauza ardhi ileile, wapate faida ileile, lakini kodi zao zisilingane. Kwa nini?

Tuchukue mfano wa Mkongo, kule Rufiji. Mzee mmoja ana shamba la mikorosho aliloachiwa na baba yake. Amelilima miaka ishirini. Mwanawe anaugua, naye analiuza ili apate fedha za matibabu. Jirani yake ni mtu aliyetoka mjini. Amenunua eneo kwa shilingi milioni 60, akatumia milioni 20 kulipima na kulikata viwanja 80, kisha akauza kila kiwanja kwa milioni moja na nusu. Amepata milioni 120, na faida yake ni milioni 40.

Mzee ameuza mti wenyewe. Jirani anauza matunda ya biashara yake. Faida ya kwanza huitwa faida ya mtaji, na ya pili ni mapato ya biashara. Tofauti hii tumeirithi kutoka Uingereza. Huko, hadi mwaka 1965, hapakuwa na kodi ya jumla juu ya faida ya mtaji. Aliyethibitisha kuwa ameuza mtaji hakulipa kitu, na aliyeonekana mfanyabiashara alilipa kodi ya mapato. Ndiyo maana kesi zilikuwa nyingi.

Mwaka 1927 mahakama iliamua kesi ya Pickford na Quirke. Mkurugenzi mmoja wa kiwanda cha kusokota pamba alikuwa ameshirikiana na wenzake kununua kampuni ya viwanda, kuivunja na kuuza mali yake. Kwa mara moja tu, jambo hilo lingeweza kuhesabiwa kuwa mtaji. Lakini alilifanya mara nne, na mahakama ikaona kuwa mara nne ni biashara. Hapo ndipo idadi ya mauzo ilipopata uzito wake.

Hata hivyo, mara moja tu nayo yaweza kutosha. Mkopeshaji fedha mmoja, Rutledge, akiwa Berlin, alinunua karatasi za chooni mizunguko milioni moja, akaiuza yote kwa mnunuzi mmoja na kupata faida ya zaidi ya pauni 10,000. Mwaka 1929 mahakama ya Uskoti ilisema hiyo ni shughuli yenye sura ya biashara. Hakuna mtu anayenunua karatasi milioni moja kwa matumizi ya nyumbani, wala hazizai kitu zikiwa stoo. Nia pekee iliyowezekana ilikuwa kuziuza.

Nia, basi, haisomwi moyoni, husomwa katika vitendo. Tume ya Kifalme ya Uingereza iliorodhesha vitendo hivyo mwaka 1955: aina ya mali, muda iliokaa mkononi, idadi ya mauzo, kazi iliyofanywa kuitengeneza ipate soko, sababu ya kuuza, na kusudi la mwenyewe.

Afrika Mashariki ilifuata njia hiyo. Kenya ilianza kutoza faida ya mtaji mwaka 1975, ikasimamisha mwaka 1985, ikairudisha mwaka 2015. Tanzania, katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliweka asilimia 10 ya faida kwa mkazi anayeuza ardhi kama mtaji. Shamba la mtu binafsi lenye thamani ya chini ya milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, liliachwa nje. Lakini sheria hiyohiyo ilisema kuwa biashara ni pamoja na tukio moja lenye sura ya biashara. Ni Rutledge yule yule.

Turudi Mkongo. Ikiwa shamba la mzee halifiki thamani hiyo, hadaiwi. Likizidi, ni asilimia 10 ya faida. Jirani akihesabiwa kwa mtaji angelipa milioni 4. Lakini alinunua ili auze, alipima, alikata na aliuza mara 80. Viwanja vyake ni bidhaa kama sukari dukani. Faida yake huingia katika viwango vya kawaida vya kodi ya mapato, ambavyo kwa sehemu ya juu hufika asilimia 30, na deni lake laweza kuzidi mara mbili ya zile milioni 4.

Na kama mzee angeuza kipande kimoja kila mwaka kwa karo za watoto? Mauzo mengi peke yake hayamfanyi kuwa mchuuzi, kwa kuwa hakununua ili auze. Lakini siku atakapouza kipande na kutumia fedha hizo kununua shamba la mwenzake ili alikate viwanja, atakuwa amevuka mstari. Kwa hiyo atunze hati za urithi, na risiti za ununuzi, na maelezo ya kwa nini ameuza. Mkadiriaji wa kodi hataona nia yake, ataona karatasi.