Kabla ya Taa Kuzimwa

Maneno haya niliyasema mbele ya wanakijiji wenzangu mkoani Morogoro, usiku tulipoonyesha kwa mara ya kwanza filamu ya historia yetu, iliyounganishwa kutokana na vipande vya picha za kale.

Filamu hii yataka kutazamwa kwa macho mawili: jicho la kuwatambua watu, na jicho la kumtambua mwenye kamera.

Vipande vya zamani kuliko vyote ni vya miaka ya 1930. Mwaka 1935 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliweka kambi Vugiri, huko Usambara, ili kujaribu kuwafundisha Waafrika kwa sinema. Fedha zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 walikwisha tengeneza filamu zipatazo 35, na lori lao lilizizungusha Tanganyika na nchi jirani. Zilizosalia ni chache sana. Mojawapo, ya mwaka 1936, inahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, jirani zetu.

Sasa angalieni jambo hili. Filamu hizo zilitengenezwa ili kufundisha. Hazikutengenezwa ili kutunza kumbukumbu. Mkiona shamba safi, msiseme, "Maisha yalikuwa hivi." Semeni, "Hiki ndicho alichotaka kionekane." Mkulima analima mbele yetu, lakini hatumsikii akieleza anavyouona mpango huo.

Jambo la pili ni mwendo. Picha nyingi za kimya za zamani zilipigwa kwa picha 16 kila sekunde, lakini mashine za baadaye huzionyesha kwa 24. Basi kazi iliyochukua sekunde 60 humalizika kwa sekunde 40, na mama atwangaye huonekana kama mtu wa kuchekesha. Ndiyo maana wengi wetu tulikua tukidhani babu zetu walitembea kwa kurukaruka. Usiku huu tumewarudishia mwendo wao. Ukitaka kuhakikisha, tazama maji yanavyomiminwa na nguo inavyopeperuka: vikienda haraka kupita kiasi, na watu pia wameharakishwa.

Penye ukimya tumeuacha. Hatukuweka ngoma tusiyojua kama ilipigwa siku ile. Na kila kipande tumekiandikia mahali na mwaka. Kisichotoka hapa kimeandikwa hivyo, hata kama kinafanana na kwetu.

Limebaki deni moja. Waliopiga picha hizi hawakuandika majina ya waliopigwa. Wanaoweza kuwatambua wanazidi kupungua, na nyuso zenyewe haziwezi kujitaja. Kwa hiyo, mzee ukimwona mtu unayemjua, usingoje mwisho. Paza sauti, nasi tutasimamisha mashine na kuandika jina lake, ni mtoto wa nani, na nani mwingine anayekumbuka hivyo. Mkitofautiana, tutaandika yote mawili.

Taa zizimwe.