Homa ya Upungufu wa Nyutrofili

Homa ya upungufu wa nyutrofili, au kwa ufupi homa ya nyutropenia, ni hali inayompata mgonjwa wa saratani ambaye uboho wake, ulio kiwanda cha damu ndani ya mifupa, umedhoofishwa na tibakemikali, kisha joto lake la mwili likapanda. Nyutrofili ni seli nyeupe zinazotangulia kufika mahali bakteria walipopenya na kuwameza. Kwa hiyo istilahi hiyo inazitaja zenyewe, kwani jumla ya seli nyeupe peke yake haionyeshi ukubwa wa hatari.

Mathalani, mtu mzima anayefika hospitalini siku ya 10 baada ya tibakemikali, akiwa na joto la nyuzi 38.4 za Selsiasi, anaweza kukutwa na seli nyeupe 1,200 katika kila mikrolita ya damu, ambapo asilimia 20 ni nyutrofili zilizokomaa na asilimia 5 ni changa. Asilimia hizo mbili kwa pamoja ni robo, na robo ya 1,200 ni 300, idadi iliyo chini ya kizingiti cha nyutropenia cha 500, na joto lake limepita 38.3, kiwango ambacho kikipimwa mara moja tu mdomoni kinatosha kuitwa homa. Joto la 38.0 linalodumu kwa saa nzima huhesabiwa vivyo hivyo.

Mara nyingi homa hiyo ndiyo dalili pekee, kwa kuwa usaha hutokana kwa sehemu kubwa na nyutrofili, na zinapokosekana kidonda huweza kubaki kikavu na picha ya eksirei ya kifua kuonekana safi ilhali maambukizi yanaenea. Ndiyo maana parasetamoli inayomezwa kabla ya kupima joto huficha ishara iliyobaki.

Matibabu yanapaswa kuanza ndani ya saa moja, na saa hiyo huhesabiwa tangu mgonjwa anapofika, wala si tangu majibu ya maabara yanapotoka. Damu ya kuotesha bakteria huchukuliwa sehemu mbili, kisha papo hapo hutolewa kupitia mshipa antibiotiki ya wigo mpana, yaani inayoua bakteria wa aina nyingi kwa kuwa mhusika hajajulikana, kama vile piperasilini-tazobaktamu gramu 4.5 kila baada ya saa 6, ikiwa figo ni nzima na mgonjwa hana mzio wa penisilini. Dawa hiyo huchaguliwa kwa sababu inamfikia pia Sudomonasi, bakteria anayeweza kuua haraka. Njia hii ya kutosubiri si mpya: mwaka 1971 daktari Stephen Schimpff na wenzake walichapisha matokeo ya kutibu kwa kabenisilini na jentamisini bila kusubiri bakteria atambuliwe. Penye malaria, kipimo chake hufanywa sambamba, lakini hata kikionyesha vimelea, antibiotiki haiachwi.

Antibiotiki hiyo haiui kuvu. Hivyo homa ikiendelea kwa siku 4 hadi 7 huku nyutrofili zikiwa bado chache, maambukizi ya kuvu hutafutwa na dawa yake huongezwa.