Kidokezo na kionjo: kuingiza soda mpya Pemba

Mipango mingi ya mauzo inayoandikwa kwa Kiswahili huita "tiza" kionjo. Neno hili limetoka kwenye filamu na muziki, na huko linakaa vizuri, kwa sababu kipande cha dakika mbili ni sehemu ya filamu yenyewe na aliyekitazama ameonja kweli. Tiza ya bidhaa haionjeshi kitu. Inaonyesha kivuli cha chupa, inataja siku, kisha inalificha jambo lile lile ambalo msikilizaji angependa kulijua. Kwa Kiswahili huko ni kudokeza, na istilahi ninayoipendekeza ni "kidokezo", au kwa urefu "tangazo la kidokezo". "Dokezo" tupu tuliache, maana maofisini limekwisha kuchukuliwa: kila karani analijua dokezo sabili.

Kwa sabuni au simu tofauti hii ingeweza kupita bila madhara. Kwa kinywaji haipiti, kwa kuwa soda ina kionjo chake cha kweli, ile bilauri ndogo ambayo mnunuzi hupewa bure ili aijue ladha. Chukua mfano wa kampuni inayotaka kuingiza soda ya ukwaju kisiwani Pemba. Ratiba iliyotoka makao makuu inasema "wiki ya vionjo". Aliyeiandika alikusudia matangazo ya redio. Wakala wa Chake Chake akiisoma anaelewa ugawaji wa soda, anatafuta bilauri za karatasi, anaajiri vijana, anasubiri mzigo. Mzigo bado uko ng'ambo ya bahari, na kwa mujibu wa ratiba haukupaswa kufika wiki ile. Neno moja limeyachanganya matukio mawili ambayo yanapaswa kupishana kwa siku kadhaa.

Mpangilio wenyewe hupangwa kwa kuanzia mwisho kurudi nyuma. Siku nzuri ya soda hiyo kuingia sokoni Pemba ni Idd el-Fitri. Zanzibar sikukuu husherehekewa siku nne, watoto wana pesa ya sikukuu mkononi, na viwanja kama vya Tibirinzi, Chake Chake, hujaa tangu alasiri. Lakini Idd haina tarehe mpaka mwezi uandame. Kwa hiyo ratiba iandikwe "Idd mosi", na bango lolote lenye tarehe ya kalenda ya kawaida lisichapishwe. Mwezi ukiandama siku moja kabla ya ile iliyokadiriwa, bango litakuwa linaahidi "kesho" soda ambayo watoto wanainywa leo.

Ukirudi nyuma kutoka Idd mosi, jambo la kwanza unalokutana nalo ni mzigo. Kreti ziwe zimeshuka bandarini Mkoani au Wete kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, kwa sababu katika siku zile vyombo hujaa wasafiri wanaorudi kwao na mizigo ya sikukuu, na kreti za soda zinaweza kuachwa gatini zikisubiri zamu. Kutoka bandarini zigawiwe hadi Konde na Micheweni, si Chake peke yake. Kabla ya yote hayo, Taasisi ya Viwango Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar wawe wamemaliza kazi yao. Hapo ndipo kidokezo cha kwanza kiruhusiwe kusikika. Kidokezo kikitangulia mzigo, mteja ataulizia dukani mara mbili, tatu, na muuza duka, ambaye hapendi kusema "hamna" kila saa, atamzoesha soda nyingine.

Kidokezo chenyewe kina jamaa yake wa zamani katika lugha yetu, nacho ni kitendawili. Mtegaji anatega, wenzake wanahangaika, wakishindwa anadai mji, anapewa, kisha anatoa jibu. Jibu hutoka katika kikao kile kile. Hakuna anayetega leo akajibu mwezi ujao. Kwa soda ya ukwaju ningeweka siku saba tu za vidokezo, nyakati za usiku mwishoni mwa Ramadhani, baada ya tarawehe, kupitia redio za kisiwani kama Redio Jamii Micheweni. Tangazo la kwanza liseme kwamba soda mpya yenye ladha inayojulikana katika kila futari itafika na Idd. La pili liongeze kwamba ladha hiyo ni ya tunda lenye kokwa na ganda. La mwisho liwaache watu wabishane kama ni ukwaju au la.

Kuna jambo moja ambalo kidokezo cha Pemba hakipaswi kulificha, nalo ni aina ya kinywaji. Kwingineko tangazo linaweza kusema "kinywaji kipya kinakuja" likanyamaza. Hapa kisiwani, ambako karibu kila mtu ni Mwislamu, ukimya huo utajazwa na swali la kama ni halali, na uvumi ukishaanza barazani hakuna tangazo litakalouzima kabla ya Idd. Neno "soda" litajwe tangu sekunde ya kwanza. Kinachofichwa ni ladha peke yake.

"Uzinduzi" halina shida kama neno, ila kwetu limezoeleka kuwa hafla: mgeni rasmi, hotuba, utepe. Katika ratiba ya mauzo ni vyema kuandika "siku ya kuingia sokoni" kwa ile siku ambayo soda inapatikana ikiwa baridi katika kila duka lililopangwa. Hafla ifanyike siku hiyo hiyo au isifanyike kabisa.

Ni siku hiyo sasa kionjo kinapopata kazi yake halali. Mchana wa Ramadhani hakuna wa kuonjeshwa, kwa hiyo bilauri za bure zianze viwanjani alasiri ya Idd mosi. Kionjo nacho kina mipaka. Tarehe 23 Aprili 1985 kampuni ya Koka-Kola ilitangaza Marekani fomula mpya, tamu zaidi, baada ya kuwaonjesha watu karibu 200,000. Wateja waliikasirikia, na tarehe 11 Julai mwaka ule ule kampuni ikatangaza kuirudisha ile ya zamani. Mapenzi ya watu kwa soda waliyoizoea yalichangia sana, lakini wachambuzi wengi wametaja pia kwamba funda moja huupendelea utamu ambao ukinywewa chupa nzima hukinaisha. Kwa hiyo sifa za viwanjani Tibirinzi zisihesabiwe kama mauzo.

Yanayofuata, "ufuatiliaji", yapimwe kwa chupa tupu. Oda ya kwanza ya duka ni mzigo uliohama ghala tu. Soda ya chupa ya kioo ina faida kwamba kreti yenye chupa 24 tupu ni ushahidi wa soda 24 zilizonywewa. Tuseme wakala ana maduka 40, na kreti tupu zinazorudi ni 200 katika wiki ya Idd, 60 wiki ya pili na 58 wiki ya tatu. Anguko la kwanza lisimtishe, ni pesa ya sikukuu iliyokwisha. Kutulia kati ya 60 na 58 kunaonyesha wapo wanaorudia. Zikiwa 200, kisha 60, kisha 20, watu waliijaribu na hawakurudi. Hapo kuongeza matangazo ni kupoteza pesa. Wakala azunguke madukani aulize mambo matatu: inauzwa bei gani ikilinganishwa na soda iliyo pembeni yake, inakaa ndani ya friji au juu ya kaunta, na wanaoiacha nusu chupa wanasema nini kuhusu ukali wa ukwaju wake ukilinganishwa na ule wanaoukoroga nyumbani.