Siku Mbili Nje ya Ofisi: Hoja ya Mtunza Takwimu wa Pamba Bariadi

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na mahali pa kazi ni mojawapo ya mambo yanayotajwa humo. Jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri hushauriana na mfanyakazi, hurekebisha maelezo na kumwarifu kwa maandishi. Hivyo anayeomba kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki haombi likizo wala fadhila. Anaomba maelezo ya ajira yarekebishwe mahali pamoja. Sheria haimlazimishi meneja kukubali, kwa hiyo uzito wote umo katika hoja.

Tuchukue mfano wa mtunza takwimu wa shirika linalohudumia AMCOS za pamba, mwenye ofisi Bariadi mjini. Anapokea na kuhakiki vitabu vya mizani kutoka Itilima na Meatu, kazi inayotaka awepo na makatibu wa vyama ana kwa ana. Pia anaingiza takwimu, anasaka makosa na kuandika ripoti, kazi inayoharibika kila anapokatizwa. Aombe siku za kazi hii ya pili tu, na ofisini abaki siku ambazo makatibu huja.

Hofu ya kwanza ya meneja ni kwamba kazi itapungua. Ahadi ya kujituma haiiondoi. Kinachoiondoa ni kipimo kilichochukuliwa kabla ya ombi: kwa wiki nne akiwa bado ofisini, aandike kila Ijumaa vitabu vingapi vimeingizwa na vingapi vimerudishwa kwa makosa. Hesabu ya makosa ni muhimu kuliko ya vitabu, maana mtu anayeharakisha ili aonekane anafanya kazi huanza kujulikana hapo.

Hofu ya pili, mawasiliano, naiona nzito zaidi. Katibu akipiga simu kulalamikia malipo ya mkulima, meneja ndiye atakayeulizwa. Barua ya ombi iseme wazi: "Nitapatikana kwa simu saa zote za kazi, nikikosa simu nitapiga ndani ya nusu saa, umeme au mtandao ukikatika zaidi ya saa moja, nitakuja ofisini siku hiyohiyo." Anayeishi kijiji ambako hawezi kutoka na kufika ofisini ndani ya saa moja asiandike sentensi hiyo ya mwisho, na pengine asiombe kabisa.

Ombi lianze kwa majaribio ya wiki nane, meneja akiwa na haki ya kuyasitisha takwimu za Ijumaa zikiwa mbaya kuliko za wiki zile nne. Majaribio yaanze mbali na msimu wa ununuzi, ambao kwa kawaida hufunguliwa Mei. Ombi la kukaa nyumbani mizani ikiwa inafanya kazi litakataliwa, na linastahili kukataliwa.