Kujumlisha sehemu: vipindi sita, saba au tisa?

Chukua mada ndogo moja ya Hisabati ya shule ya msingi, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Tuseme azimio la kazi limeitengea vipindi 6 vya dakika 40. Mwalimu anafungua kitabu cha kiada, anahesabu kurasa, anazigawa kwa 6, na azimio linajaa. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya, na mkaguzi hana la kusema kwa sababu safu zote zimeandikwa. Lakini kurasa hazisemi mtoto atakwama wapi. Ukurasa mmoja unaweza kubeba vikwazo vitatu, na kurasa mbili zinazofuata zikawa mazoezi matupu.

Katika mapokeo yetu ya shule, muhtasari wenyewe ndio unaotaja idadi ya vipindi. Utaratibu huu una faida kubwa: mwalimu aliye peke yake kijijini anajua mwaka utamtosha, na mwanafunzi anayehama mkoa hapotei sana. Kasoro yake ni kwamba namba ile iliandikwa na mtu asiyejua darasa lako linakuja na nini. Japani wameamua vinginevyo. Mtaala wa taifa unaipa Hisabati ya darasa la tano vipindi 175 vya dakika 45 kwa mwaka, lakini haupangi vipindi vya kila mada. Kazi hiyo huachiwa waandishi wa vitabu na walimu wenyewe. Huko mada hupangwa kama kundi moja la vipindi linaloitwa tangen, na andalio la somo la mwalimu, linalojadiliwa na wenzake, hutaja mahali pa kipindi ndani ya kundi, kwa mfano kipindi cha 3 kati ya 8. Msomaji wa andalio hilo anaweza kuuliza swali ambalo sisi hatuulizani mara nyingi: kwa nini hiki ni cha 3, na kwa nini jumla ni 8?

Jibu lao hutoka kwenye maswali wanayopewa watoto. Kwa kawaida kipindi hujengwa juu ya tatizo moja ambalo watoto hulihangaikia kwanza bila kuonyeshwa njia, kisha njia zao hulinganishwa ubaoni. Kwa hiyo unapotaka kujua mada inahitaji vipindi vingapi, unahesabu ni mara ngapi mtoto atakutana na jambo ambalo ujuzi wa jana hautoshi kulimaliza.

Tuijaribu hesabu hiyo kwenye sehemu zetu. Jambo la kwanza ni kutambua kwamba vipande vya ukubwa tofauti havihesabiki pamoja. 1/2 + 1/4 inatosha kulionyesha: mtoto anakunja karatasi, anaona nusu ni robo mbili, anapata 3/4. Hapa amebadili sehemu moja tu. Jambo la pili ni 1/2 + 1/3, ambapo hakuna kati ya vipande hivyo kinachoweza kukipima kingine. Lazima atafute kipande cha tatu, yaani 1/6, ili 3/6 na 2/6 zitoe 5/6. Hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote na ndicho kinachopunjwa zaidi. Mwalimu mwenye haraka huandika kanuni ya KDS ubaoni, watoto wanainakili, na wiki inayofuata daftari zinarudi na 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwulize mtoto huyo ipi kubwa, 2/5 au ile 1/2 aliyoanza nayo. Akiona kwamba ameongeza kitu na jibu likapungua, kipindi cha pili kimefanya kazi. Asipoona, hata vipindi kumi vya mazoezi vitamzoesha kosa.

Kipindi cha tatu ni cha kuizoea njia hiyo, kwa mfano 2/3 + 1/4 inayotoa 11/12. Cha nne ni 1/4 + 1/6: ukizidisha asili unapata 24 na jibu 10/24, ambalo hurahisishwa kuwa 5/12, ilhali KDS ni 12 na inakufikisha hapo moja kwa moja. Cha tano ni jibu linalozidi kimoja kizima, 3/4 + 2/3 = 17/12, yaani 1 5/12. Cha sita ni sehemu mchanganyiko, 1 1/2 + 2 2/3 = 4 1/6. Cha saba ni cha kupima. Tayari tumezidi muhtasari kwa kipindi kimoja, na hapo tumechukulia kwamba watoto wanazijua sehemu sawa. Kabla ya kuanza, wape maswali matatu mepesi, mojawapo likiwa 2/3 = ?/6. Wengi wakishindwa, ongeza vipindi viwili mwanzoni. Sasa ni 9.

Hapa ndipo mapokeo ya tatu, ya chuo cha Kurani cha pwani yetu, yanapotuuliza swali zito. Mtoto huanza na herufi, akafuata irabu, akaunganisha, kisha akaingia sura fupi za Juzuu Amma. Hakuna anayemwandikia kwamba irabu ni siku kadhaa. Anasogea pale anaposoma sawasawa mbele ya mwalimu wake, na jirani yake kwenye mkeka anaweza kuwa sura tano mbele. Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, John Carroll, aliliweka jambo hili kwenye nadharia: kiasi ambacho mtu hujifunza hutegemea muda alioutumia ukilinganishwa na muda anaouhitaji. Chuo kilikuwa kikifanya hivyo bila nadharia.

Lakini shule haiwezi kuiga yote. Katika darasa la watoto 70, ukimsikiliza kila mmoja kwa dakika moja tu, umetumia dakika 70, karibu vipindi viwili. Chuo hujiokoa kwa wanafunzi wakubwa kuwasomesha wadogo, na mtaala wake hauna mtihani wa taifa unaoungoja mwezi maalumu. Nachukua kwake kitu kimoja: mwisho wa kipindi cha pili, kila mtoto ajibu swali moja peke yake kwenye kipande cha karatasi, 1/2 + 1/5. Karatasi 70 hupangwa mafungu mawili kwa haraka, zenye 7/10 na zenye 2/7. Fungu la pili likiwa kubwa, cha tatu hakianzi.

Muda utatoka wapi? Si kila kikwazo kina uzito sawa. Kipindi cha nne kinaweza kuondolewa, kwa sababu kuzidisha asili hutoa jibu sahihi daima na KDS huokoa kazi tu; mfano wake mmoja uingizwe ndani ya cha tano. Kwa hatua hiyo saba zinakuwa 6, na darasa lililoandaliwa vizuri linaenda sawa na muhtasari. Darasa lililohitaji 9 linabaki na 8. Hapo ningesogeza sehemu mchanganyiko hadi mada ya kutoa, ambako zitarudi kwa vyovyote, na kile kimoja kinachozidi ningekiomba kwenye vipindi vya marudio ya mwisho wa muhula. Kipindi cha pili nisingekigusa. Na kwenye safu ya maoni ya azimio, badala ya "somo limefundishwa", ningeandika ni karatasi ngapi zilikuwa na 2/7, ili atakayepanga mada hii mwakani aanze na namba inayotoka kwa watoto wenyewe.